Mita ilisoma sawa, lakini tope lilikuwa limetulia

"Salaam aleikum mwalimu. Nasimamia vijana wanne, tumepata kazi ya kusafisha chemba ya maji taka nyuma ya jengo la fleti hapa Ganjoni, Mombasa. Kina chake mita nne hivi, imejaa mchanga na matambara, maji yanapita kwa shida. Tumenunua mita ya gesi nne. Jana tulifungua mfuniko tukaiteremsha kwa kamba, ikasoma sawa kila kitu. Mteja anataka karatasi ya kibali. Je, tunaweza kuteremka? Na uokoaji nipange vipi, maana tuna ngazi na kamba nzuri?"

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. La, msiteremke bado. Mita yenu huenda haikukosea hata kidogo, ila ilipima hewa iliyokaa juu ya tope ambalo halijaguswa. Kijana akishuka na koleo, akikanyaga na kuchota, hewa anayoivuta si ile mliyoipima. Gesi inayoua kwenye chemba kama hiyo nyingi haielei hewani ikisubiri kupimwa. Imefungiwa ndani ya tope na imeyeyuka ndani ya maji, na anayeitoa ni yule anayekwenda kufanya kazi.

Kabla ya mita na kibali, jiulize kama kuna haja ya mtu kuingia. Mchanga na matambara ya kina cha mita nne mara nyingi hutolewa kutoka juu: lori la kunyonya literemshe mpira wake, mashine ya maji ya presha ivunje donge, na kilichobaki kivutwe kwa ndoano ya mpini mrefu. Kwa chemba nyingi kazi huishia hapo. Mtu huingia pale tu ambapo juu pameshindikana, kwa mfano kipande cha saruji kimeangukia mdomo wa bomba, au mchanga umeshikana na mafuta ya jikoni hadi presha haiutikisi. Kwenye kibali changu mstari wa kwanza ni huo: kwa nini kazi hii haiwezi kufanyika kutoka juu? Kama anayeandika hana jibu, sisaini.

Tuseme mmejaribu na donge limebaki. Sasa tuzungumze juu ya gesi yenyewe. Adui mkuu ni haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza, ambayo kwenye kioo cha mita huonekana kama H2S. Hutengenezwa na vijidudu vinavyoishi kwenye tope pasipo hewa, vikichukua salfeti iliyomo majini. Mombasa tumebarikiwa vibaya katika hili. Maji taka yetu ni ya joto mwaka mzima, na vijidudu hivyo hupenda joto. Maji ya bahari yana salfeti nyingi, takribani miligramu 2,700 kwa lita, na popote maji ya chumvi yanapopenya kwenye bomba bovu kupitia mwamba wetu wa matumbawe, vijidudu vimeletewa chakula mlangoni. Ongeza bomba lililoziba ambamo maji yamelala siku kadhaa, kama lenu, na umepata kiwanda cha gesi.

Kuna dalili unayoweza kuiona kwa tochi ukiwa juu. Tazama ukuta sehemu isiyofikiwa na maji, na upande wa chini wa shingo ya chemba. Saruji ikiwa imegeuka nyeupe, imelainika kama chokaa iliyolowa, kokoto zimetokeza nje, na vyuma vya kukanyagia vimeliwa vikabaki vyembamba, ujue gesi imekaa humo kwa miaka. Haidrojeni salfaidi hupanda ukutani, vijidudu vingine huigeuza kuwa asidi ya salfuriki, na asidi hula saruji na chuma. Ukuta wa namna hiyo unakueleza mambo mawili kwa mpigo: gesi ipo hata kama leo mita inasema sifuri, na vyuma hivyo visikanyagwe na mtu.

Pua usiitegemee. Harufu husikika hata chini ya ppm 1, yaani sehemu moja kwa milioni ya hewa, lakini ikifika kama ppm 100 pua hufa ganzi ndani ya dakika chache, na mtu hudhani gesi imeondoka. Kwenye ppm 500 hadi 700 mtu huanguka ndani ya dakika chache. Kwenye ppm 1,000 pumzi moja au mbili zinatosha. Nimesikia pia mafundi wakisema mende wakionekana ukutani basi hewa ni nzuri. Mende huvumilia uhaba wa oksijeni kuliko sisi; wao washauriane wenyewe.

Sasa mita. Umesema ilisoma sawa, lakini hukusema kama iliwahi kuonjeshwa gesi. Kihisi kilichokufa husoma sifuri vilevile kama hewa safi inavyosomwa sifuri. Kila asubuhi, kabla ya kuondoka, ipulizie gesi ya majaribio kutoka kwenye kichupa chake, yenye viwango vinavyojulikana, uone namba nne zikipanda au kushuka na king'ora kikilia. Kama uliuziwa mita bila kichupa hicho, umeuziwa nusu ya mita. Ukipumua juu yake, oksijeni itashuka kwenye kioo, na hilo litakuonyesha kwamba kihisi cha oksijeni ki hai, lakini halikuambii lolote kuhusu vile vitatu vingine. Iwashe na uisawazishe mahali penye hewa safi, mbali na moshi wa lori na wa jenereta. Ukiisawazisha ndani ya moshi, itauchukulia moshi kuwa ndiyo hewa ya kawaida.

Jambo la pili, mliiteremsha kwa kamba. Hivyo hukioni kioo chake inapokuwa chini, na ukiipandisha haraka namba zinakuwa zimesharudi. Tumia mita yenye pampu na kimpira cha kunyonyea, wewe ukiwa juu, upande unaotoka upepo. Anza kabla mfuniko haujainuliwa: pitisha kimpira kwenye tundu la mfuniko, kwa sababu methani, gesi ya kulipuka, hukusanyika juu na chuma kikikwaruza chuma hutoa cheche. Kisha fungueni kwa ndoano zake, na upime sehemu tatu: nusu mita chini ya mdomo, katikati, na juu kidogo ya maji. Sababu ya kupima sehemu tatu ni kwamba gesi hazikai pamoja. Methani ni nyepesi, haidrojeni salfaidi ni nzito kuliko hewa, na mvuke wa petroli kutoka gereji ya jirani ni mzito zaidi, hulala chini kabisa. Usikifikishe kimpira majini, pampu ikinywa maji kazi ya siku hiyo imekwisha.

Subira hapa ina maana yake. Hewa huchukua kama sekunde tatu kwa kila mita ya kimpira kufika kwenye mita, kisha vihisi vyenyewe vinahitaji nusu dakika au zaidi kutulia. Mimi hukaa dakika mbili kamili kila kituo, nikiangalia saa. Anayepima kwa sekunde kumi kimpira kikiwa chini anasoma hewa ya katikati.

Soma kwa mpangilio: oksijeni kwanza, kisha gesi ya kulipuka, ambayo mita huiandika LEL, kisha za sumu. Oksijeni hutangulia kwa sababu kihisi cha kawaida cha LEL huunguza gesi ndani yake ili kuipima, na pasipo oksijeni ya kutosha hakiunguzi kitu, kitasoma kidogo hata kama shimo limejaa methani. Viwango vya kuingilia vinavyotumika sana ni oksijeni kati ya 19.5 na 23.5 kwa mia, LEL chini ya 10, H2S chini ya ppm 10, CO, yaani kaboni monoksaidi, chini ya ppm 35. Kwa chemba ya maji taka mimi huandika vikali zaidi: H2S isifike 5, LEL isifike 5, na oksijeni isiwe chini ya 20.5 baada ya kupuliza hewa.

Watu wengi hunibishia hapo kwenye oksijeni, wakisema 19.5 inaruhusiwa. Hebu fanya hesabu. Hewa ya kawaida ina oksijeni 20.9. Ikiwa gesi nyingine imeingia na kuisukuma hewa, basi kila oksijeni inaposhuka kwa moja, karibu sehemu tano kwa mia ya hewa yote imeondoka na kitu kingine kimekaa mahali pake. Sehemu tano kwa mia ni ppm 50,000. Kitu gani hicho? Huenda ni kaboni dayoksaidi, ambayo mita ya gesi nne haiioni kabisa, na ambayo ppm 40,000 zake huhesabiwa hatari ya papo hapo kwa uhai. Kwa hiyo oksijeni ikiwa 19.9 nami sijui sababu, sitafuti ruhusa kwenye jedwali, natafuta sababu.

Baada ya vipimo hivyo vitatu ndipo huja kile ambacho jana hamkukifanya. Chukua fimbo ndefu, ya mbao au plastiki, ukiwa juu, ingiza kwenye tope na ulikoroge hasa, dakika moja nzima, kona zote, kama atakavyolikoroga kijana akianza kuchota. Kimpira kikae juu kidogo ya maji muda wote huo. Utaona mapovu yakipanda kwa mafungu. Kwenye chemba kama yenu isishangaze kuona H2S ikitoka 2 ikapanda 40, 80, au ikapita kabisa uwezo wa mita. Hiyo ndiyo namba ya kuandika kwenye kibali, kwa sababu ndiyo hewa ya mfanyakazi. Ile ya kwanza ni hewa ya mtazamaji.

Ikipanda hivyo, rudini kwenye kazi ya kutoka juu: nyonyeni maji na tope zaidi kwa lori, mwageni maji safi, korogeni tena, mpime tena. Mara nyingi baada ya raundi kadhaa za namna hii donge lenyewe hutoka, na hakuna aliyeingia.

Msimwage asidi ya kusafishia vigae wala dawa ya choo ili kulainisha donge. Salfaidi iliyoyeyuka majini hukaa nusu kwa nusu kati ya gesi na chumvi maji yanapokuwa si makali wala si ya sabuni. Ukitia asidi, karibu yote hugeuka gesi kwa wakati mmoja. Jiki nayo ikikutana na asidi hutoa klorini, na klorini haimo kwenye mita yenu. Kwa sababu hiyohiyo, wapangaji wa jengo lazima waambiwe, nyumba kwa nyumba, kwamba siku hiyo hakuna kumwaga dawa chooni.

Kisha kuna maji yenyewe. Chemba iliyoziba ina maji yaliyosimama nyuma ya kizuizi, na kijana akikifungua yanamjia yote. Chemba ya juu yenu, ile maji yanakotoka, ifunguliwe, maji yake yanyonywe mpaka usawa ushuke, na mdomo wa bomba linaloingia uzibwe kwa puto lake la mpira, lililojazwa upepo na kufungwa kwa kamba nje. Pampu ya maji taka ya jengo, kama ipo, izimwe, suichi ipigwe kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwa anayeingia. Wakati wa masika, na hata vuli, tazameni mawingu ya upande wa bara pia, maana maji ya mvua hufika kwenye bomba kabla mvua haijawafikia ninyi.

Kupuliza hewa ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri, ila hufanywa vibaya. Chemba ya kipenyo cha mita 1.2 na kina cha mita 4 ina hewa mita za ujazo 4.5 tu. Feni iliyoandikwa mita za ujazo 1,000 kwa saa, ukiipa bomba la kitambaa lenye kona mbili, huenda ikabaki na nusu ya nguvu, yaani mita za ujazo 8 hivi kwa dakika. Hiyo hubadilisha hewa ya chemba karibu mara mbili kila dakika. Pulizeni dakika kumi na tano kabla ya kuingia, na feni isizimwe mpaka mtu wa mwisho atoke. Mdomo wa bomba ufike karibu na chini, kwa sababu ukiishia juu hewa safi hugeuka njiani na kutoka. Sukumeni hewa ndani, msiivute nje: ukivuta, unaleta gesi ya bomba zima kwenye shimo lenu. Chemba ya juu na ya chini zifunguliwe na kuzungushiwa vizuizi ili hewa ipite. Feni yenyewe ivute hewa mahali safi. Ganjoni tuktuk na lori la kunyonya husimama zikinguruma, na moshi wake ukiingia kwenye feni mtamlisha kijana kaboni monoksaidi kwa mikono yenu. Kamwe msifungulie mtungi wa oksijeni ndani ya chemba. Nguo zenye mafuta huwaka hapo kwa cheche ndogo kabisa.

Jambo ambalo feni haiwezi ni kuzuia fungu la gesi linalopasuka miguuni mwa mtu aliyeinama. Hulipunguza tu, na hewa yake haifiki kila kona kwa wakati. Ndiyo maana mita inavaliwa kifuani, karibu na pua, wala haibaki juu, na kimpira cha mita ya pili kiwe kinanyonya kutoka chini huku mlinzi wa mdomo akisoma. King'ora kikilia, mtu hapandi baada ya kumaliza ndoo aliyoishika. Anapanda.

Hapo tunafika kwenye ngazi na kamba yako. Ngazi ni ya kushukia na kupandia mtu aliye mzima. Mtu aliyezimia hashiki ngazi. Kijana wa kilo 75, amelowa, amelegea, amefungwa kamba kiunoni: vuteni wanne mtakavyo, atajikunja kama nguo iliyoanikwa na kukwama kwenye mdomo wa sentimita 60. Hapo ndipo rafiki yake huruka kumwinua. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, iliandika mwaka 1986 kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa katika nafasi finyu walikuwa waokoaji. Januari 2017 huko Key Largo, Florida, kisiwa cha matumbawe kama chetu, mfanyakazi aliingia kwenye shimo la mifereji la kina cha mita nne na nusu hivi, akazimia. Wa pili akamfuata, na wa tatu. Wote watatu wakafa. Zimamoto mmoja aliingia bila mtungi wake wa hewa kwa sababu mdomo ulikuwa mwembamba, naye akatolewa akiwa mahututi. Shimo hilo lilizidi lenu kina kwa nusu mita tu.

Uokoaji wa chemba ya mita nne una sura moja tu: mtu atolewe pasipo mwingine kuingia. Kwa hilo mnahitaji tripodi, stendi ya miguu mitatu, yenye winchi iliyotengenezwa kwa kuinulia watu, isiwe ya kuinulia mizigo, na hanesi ya mwili mzima yenye pete mgongoni juu au mabegani, ili mtu apande akiwa wima. Ndoano ya winchi haifunguliwi tangu mguu wa kwanza unapoingia hadi wa mwisho unapotoka. Mtu akisema kamba inamsumbua anapofanya kazi, hiyo ni kazi ya kufanyia juu. Na kwa kuwa kamba haipindi kona, hakuna kuingiza hata kichwa ndani ya bomba.

Kabla ya kusaini, fanyeni zoezi palepale. Jazeni mfuko wa mchanga wa kilo 80, uvalisheni hanesi, uteremsheni, kisha piga kelele bila kuwaonya na uangalie saa. Mfuko uwe juu, mbali na mdomo, ndani ya dakika mbili. Ubongo huanza kuharibika baada ya dakika nne hivi bila oksijeni, na dakika ya kwanza huliwa na mshangao. Ndiyo maana zimamoto hawawezi kuwa ndio mpango wenu wa uokoaji. Wapigieni, na waambieni mapema mko wapi, lakini hesabuni kana kwamba wamekwama kwenye foleni ya Makupa, kwa sababu huenda kweli wamekwama.

Vijana wako wanne wanatosha kwa mtu mmoja kuingia. Mmoja anashuka. Mmoja ni mlinzi wa mdomo: hatoki hapo, hashiki simu, haendi kuleta spana, na haingii hata ikiwa aliye chini ni ndugu yake wa tumbo moja. Chagua mtu unayeamini ataweza kusimama hapo winchi ikigeuzwa, huku akilia. Wa tatu yuko kwenye winchi na ndoo, wa nne anaangalia feni, jenereta na njia. Wewe unashika kibali. Anayeshuka abebe kiunoni kichupa cha hewa cha kutorokea, cha dakika kumi au kumi na tano. Barakoa za kawaida na zile zenye vichujio ziacheni garini, hazitengenezi oksijeni. Glavu, buti ndefu, kofia ngumu na chanjo ya pepopunda mnazijua.

Mkimtoa mtu amezimia, mpelekeni upande unaotoka upepo, mvueni nguo zilizolowa, na kama hapumui mpulizieni kwa mfuko wa kupumulia. Msimweke mdomo kwa mdomo, pumzi yake yaweza kuwa na gesi. Hospitali Kuu ya Pwani waambieni neno hilo kamili, haidrojeni salfaidi, na namba ya mwisho iliyosomwa na mita. Hata akizinduka akacheka na kusema yu sawa, apelekwe, kwa sababu mapafu yanaweza kujaa maji saa kadhaa baadaye.

Kuhusu karatasi ya mteja: sheria yetu ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe kibali kwa kazi za nafasi finyu, kwa hiyo mteja hakusumbui. Lakini usimpe fomu iliyojazwa ofisini. Kibali ni cha chemba moja, kazi moja, zamu moja, na hujazwa kando ya shimo. Kiandikwe majina ya watakaoingia na ya mlinzi, kwa nini kazi haifanyiki juu, nini kimezibwa na kufungwa kufuli, namba za mita kwa vituo vitatu pamoja na ile ya baada ya kukoroga, kila moja na saa yake, matokeo ya zoezi la mfuko, na saa ya kuisha. Kisha sehemu ambayo fomu nyingi za kunakili hazina: mambo yanayokifuta. Feni ikizimika, king'ora kikilia, mvua ikianza, maji yakipanda, mlinzi akiondoka, winchi ikigoma, mawasiliano yakikatika. Likitokea moja, watu watoke na karatasi ichanwe. Si kusimamishwa, kuchanwa, kisha kupima kunaanza upya.

Mapumziko yahesabiwe pia. Ijumaa vijana wakienda msikitini, shimo lifunikwe au lizungushiwe vizuizi na mtu abaki. Wakirudi, ile karatasi ya asubuhi haina kazi tena hata kama wino haujakauka vizuri. Vituo vitatu vinapimwa tena, na fimbo inarudi kwenye tope.

Kama tripodi na winchi hamna wiki hii, kakodisheni kwa wanaofanya kazi za matangi, au mwambie mteja mtaanza na lori na presha kutoka juu na kumwandikia kilichobaki chini. Ngazi yenu itumieni kwenye ukuta wa nje.